Mauzo yameanguka, umegusa nini? Namna ya kuweka daftari la mabadiliko ya ukurasa wa bidhaa

Swali huja karibu kila wiki, na huja kwa sura ileile. Mtu anauza vitu mtandaoni kutoka Kampala, Jinja au Arua, mauzo yalikuwa yanakwenda vizuri, ghafla oda zimepungua nusu. Ukimuuliza amebadilisha nini, anajibu: "Sijabadilisha kitu." Ukimbana kidogo anakumbuka picha. Baadaye anakumbuka bei. Kesho yake anakumbuka kwamba mdogo wake aliingia kwenye akaunti "kurekebisha vitu vichache". Hapo hakuna anayeweza kumsaidia, kwa sababu kilichohitajika ni maandishi ya wiki tatu zilizopita, nayo hayapo.

Mwongozo huu ni wa kuhakikisha maandishi hayo yapo. Unamfaa anayeuza kwenye Jumia, kwenye Jiji, au kwenye tovuti yake mwenyewe. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini kazi ni moja. Mfano wetu wote utakuwa bidhaa moja, chupa ya chai ya lita 3, ili uone jinsi daftari linavyomkamata mkosaji.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Jedwali moja kwenye Google Sheets, lenye kurasa mbili ndani yake. Kama hupendi kuandika kwenye simu, daftari kubwa la dukani lenye mistari linatosha kwa ukurasa wa kwanza, ila ule wa hesabu utakusumbua kwenye karatasi.

Ruhusa ya kuona takwimu za bidhaa zako. Unataka namba mbili tu kwa kila siku: watu wangapi walifungua ukurasa wa bidhaa, na oda ngapi ziliingia. Kama jukwaa lako linaonyesha pia bidhaa ilitokea mara ngapi kwenye matokeo ya utafutaji, chukua na hiyo.

Simu ya pili, au dirisha la faragha kwenye kivinjari, ambamo hujaingia kwenye akaunti yako. Hii ni ya kuona ukurasa kama mteja anavyouona. Ukiwa umeingia kama muuzaji, mara nyingine unaonyeshwa ulichohifadhi hata kama wateja bado hawajakiona.

Na makubaliano na kila mwenye neno la siri la duka: mke, mume, ndugu, kijana wa stoo. Asiyeandika asiguse.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha ya hali ilivyo leo. Kabla ya safu hata moja ya daftari, fungua ukurasa wa bidhaa kwenye ile simu ya pili na uchukue picha za skrini kuanzia juu hadi chini. Kisha ingia upande wa muuzaji na unakili maneno yote: jina la bidhaa, maelezo, kundi iliyomo, bei, punguzo, rangi na saizi, uzito, vipimo vya kifurushi. Yabandike kama maandishi, maana utakapotaka kurudisha jina la zamani neno kwa neno hutaki kuanza kulisoma kwenye picha ya ukungu.

Nafasi ya uzito na vipimo watu huiruka, kwa sababu mteja haioni. Usiiruke. Utaona kwa nini.

2. Tengeneza ukurasa wa kwanza, wa mabadiliko. Safu ya juu iwe na vichwa hivi: tarehe na saa, bidhaa, sehemu iliyoguswa, ilivyokuwa, ilivyo sasa, sababu, nani, na saa ilipoonekana kwa mteja.

Andika tarehe kwa kuanza na mwaka: 2026-03-17. Jedwali likiwa kwenye mpangilio wa Marekani, 03/04 linaisoma kuwa tarehe 4 Machi wakati wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili, na baada ya mwezi hata wewe mwenyewe hujui ulimaanisha ipi.

Saa nayo iandike kwa tarakimu za skrini. Sisi tunasema saa mbili na dakika arobaini usiku. Dashibodi inasema 20:40. Kijana akiandika "2:40" kwenye daftari, wiki tatu baadaye kuna watu watatu wenye maana tatu. Andika 20:40, basi. Kwenye kompyuta, Google Sheets inaweka tarehe ya leo ukibonyeza `Ctrl+;` na saa ya sasa ukibonyeza `Ctrl+Shift+;`.

Sehemu za "ilivyokuwa" na "ilivyo sasa" ndizo roho ya daftari. "Nimeboresha jina" si rekodi. Jina lote la zamani liwe upande mmoja na jina lote jipya upande wa pili. Kwa picha, hifadhi faili ya zamani kwenye folda na uandike jina lake, mfano `flask3L_pic1_2026-03-03_old.jpg`.

3. Tengeneza ukurasa wa pili, wa hesabu za kila siku. Tarehe, waliofungua ukurasa, oda, kiwango, bei ya siku hiyo, mzigo uliobaki, na mambo ya nje. Kiwango ni oda gawanya kwa waliofungua. Kama waliofungua wako kwenye B na oda kwenye C, kwenye D weka:

```
=IF(B2=0,"",C2/B2)
```

Hesabu oda kwa siku ilipowekwa, usifuate siku ilipofikishwa wala siku pesa ilipoingia kwenye simu. Wateja wetu wengi hulipa mzigo ukifika mlangoni. Ukihesabu kwa siku ya malipo, anguko la Jumatano litajitokeza Jumamosi au Jumatatu, nawe utamshika asiyehusika.

Angalia pia dashibodi yako inahesabu siku kwa saa za wapi. Baadhi hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Kampala kwa saa 3. Kwenye dashibodi kama hiyo, oda ya saa saba na nusu usiku huandikwa kwenye siku iliyopita. Njia ya kujua ni rahisi: kesha mara moja, mwombe rafiki aweke oda mara tu usiku wa manane ukipita, uone imeandikwa tarehe gani, kisha aifute.

Kwenye "mambo ya nje" andika mambo yanayoweza kugusa mauzo bila wewe kugusa kitu: mwisho wa mwezi mishahara inapotoka, wiki ya kufungua shule, sikukuu, kampeni ya punguzo ya jukwaa kuanza au kuisha, mtandao kukatika. Mtu aliyekuwa akiuza Januari 2021 hana haja ya kuelezwa hili. Mtandao ulizimwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na uliporudi Facebook ilibaki imefungwa. Aliyekuwa akitegemea wateja wa Facebook angeweza kukaa wiki nzima akilaumu picha zake.

4. Chagua bidhaa moja ya kulinganishia, na uiache. Hatua hii karibu hakuna mgeni anayeifikiria. Ukiwa na chupa ya lita 3 unayotaka kuirekebisha, tafuta ndugu yake, tuseme ya lita 2, inayonunuliwa na watu wa aina moja, na usiiguse kabisa kwa kipindi chote. Isiguswe picha, isiguswe bei. Fuatilia hesabu zake kama za mwenzake. Mauzo ya zote mbili yakishuka pamoja, tatizo liko sokoni au kwenye jukwaa. Ikishuka ile uliyoigusa peke yake, umejua pa kuchimba.

5. Badilisha kitu kimoja, kisha subiri siku 7 kamili. Siku saba kwa sababu Jumapili haifanani na Jumatatu. Ukilinganisha siku nne na siku nne, unaweza kuwa umelinganisha wikiendi na siku za kazi. Bidhaa inayotoka polepole isubirie siku 14.

Andika kwenye daftari *kabla* ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ukishahifadhi, maneno ya zamani yameondoka, na akili yako imeshahamia kwenye oda inayosubiri boda.

6. Thibitisha kwamba mabadiliko yamefika kwa mteja. Majukwaa mengine hupitisha mabadiliko kwenye ukaguzi kwanza, kwa hiyo ulichohifadhi Jumanne kinaweza kuonekana Alhamisi. Fungua ile simu ya pili, tazama, andika saa. Unapotafuta chanzo cha anguko, saa ya kuonekana ndiyo ya kufuata, kwa sababu mteja hajui ulibonyeza lini.

Ukiwa hapohapo, jifanye mnunuzi. Weka bidhaa kapuni, jaza mahali pa kupelekewa, sema Ntinda au Mbarara, nenda hadi ukurasa wa mwisho unaoonyesha jumla yote, kisha toka bila kulipa. Andika ile jumla. Inachukua dakika mbili, na kwa maoni yangu inazidi faida ya dakika zote nyingine utakazotumia kwenye mwongozo huu.

7. Kila Jumatatu, linganisha na picha za skrini. Kuna mabadiliko usiyoyafanya wewe. Jukwaa linaweza kuhamisha bidhaa kwenye kundi jingine, kuondoa picha yenye maandishi, au kumaliza punguzo ulilokuwa umejiunga nalo. Chukua picha mpya za skrini, zitazame kando ya zile za wiki iliyopita, na tofauti yoyote isiyo kwenye daftari iandike, kwenye "nani" ukiweka "jukwaa" au "haijulikani".

8. Mauzo yakishuka, kwanza uliza kama yameshuka kweli. Hapa nadharia kidogo haikwepeki. Oda hupanda na kushuka zenyewe bila sababu yoyote. Kipimo cha haraka ni hiki: chukua wastani wa oda zako kwa wiki, tafuta kipeuo chake cha pili, kizidishe kwa mbili. Hicho ndicho kiasi ambacho wiki ya kawaida inaweza kupotoka juu au chini. Kwa wastani wa oda 21:

```
=2*SQRT(21)
```

Inatoa 9 na kidogo. Kwa hiyo wiki yoyote yenye oda kati ya 12 na 30 bado ni wiki ya kawaida, hata kama tumbo linakuuma. Wiki ya oda 7 si ya kawaida.

Sasa jaribu kwa mtu anayeuza oda 4 kwa wiki. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, mara mbili ni 4. Wiki yake ya kawaida ni kati ya sifuri na 8. Huyu hawezi kujua lolote kutokana na oda za wiki moja. Ajumlishe wiki nne nne, au afuatilie waliofungua ukurasa, ambao ni wengi zaidi. Nasema hivi kwa sababu wauzaji wadogo ndio wanaobadilisha ukurasa kila siku wakifukuza kivuli.

9. Kisha uliza ni namba ipi iliyoshuka. Daftari linakuambia *lini*. Hesabu zinakuambia *wapi*. Ukiviunganisha, washukiwa wanapungua haraka.

Waliofungua ukurasa wakipungua, tazama vile mteja anavyoviona au jukwaa linavyovitumia kabla hajabonyeza: jina la bidhaa, kundi, picha ya kwanza, bei inayoonekana kwenye orodha, na kama bidhaa iliandikwa imeisha. Waliofungua wakibaki palepale lakini oda zikapungua, mteja anafika na kuondoka. Hapo tazama vya ndani: maelezo, picha za pili na kuendelea, rangi au saizi zilizobaki, ada ya kupelekewa, muda wa kufikishiwa, maoni mapya ya wateja. Oda zikibaki vizuri lakini mizigo inarudishwa mlangoni, tatizo liko kwenye ahadi: picha au maelezo yanasema kitu ambacho mzigo sicho. Hilo la mwisho huchelewa kujitokeza, kwa hiyo rudi nyuma zaidi kwenye daftari.

10. Rudisha kitu kimoja tu. Ukimpata mshukiwa, rudisha *hicho peke yake*, andika kwenye daftari kama badiliko jipya, na usubiri siku 7 tena.

Mfano: chupa ya chai ya lita 3

Tuseme ni duka dogo linalochukua mzigo Kikuubo na kuuza mtandaoni kwenye jukwaa linalopanga ada ya kupeleka kwa uzito. Wiki nne kuanzia tarehe 16 Februari 2026, waliofungua ukurasa walikuwa 405, 431, 418 na 426. Oda zilikuwa 20, 23, 19 na 22. Wastani: watu 420 na oda 21, yaani kati ya kila watu 100 wanaofungua, 5 wananunua.

Wiki ya tarehe 16 hadi 22 Machi, waliofungua ni 411 na oda 12. Wiki iliyofuata, waliofungua 419 na oda 7.

Oda 12 ziko ukingoni mwa kawaida. Oda 7 ziko nje kabisa. Kwa hiyo kuna jambo.

Mwenye duka ana maelezo tayari: Iddi. Ramadhani ilianza katikati ya Februari, watu walinunua chupa za chai za futari, Iddi ikaangukia wiki ileile ya tarehe 16, basi biashara imelala. Ni hadithi inayoeleweka. Mdogo wake ana yake: "Kaka, ulipandisha bei." Na kijana wa picha anahofia picha yake.

Daftari lina mistari minne:

2026-03-03, 14:10. Picha ya kwanza: kutoka chupa kwenye mandharinyuma meupe, kwenda chupa mezani na vikombe.

2026-03-10, 09:25. Bei: kutoka 48,000 kwenda 49,500. Sababu: mzigo mpya umepanda.

2026-03-17, 11:05. Jina: kutoka `Stainless Steel Vacuum Flask 3 Litres` kwenda `3L Vacuum Flask Stainless Steel`. Sababu: watu wanatafuta kwa kuanza na lita.

2026-03-17, 20:40. Uzito: kutoka 1.5 kwenda 15. Sababu: fomu ilikataa nukta. Nani: mdogo.

Tuanze na Iddi. Chupa ya lita 2, ambayo haikuguswa, ilikuwa na wastani wa oda 12 kwa wiki. Wiki ya Iddi ilipata 11, iliyofuata 13. Anayenunua chupa ya lita 2 na anayenunua ya lita 3 wote walikula Iddi. Sikukuu imeondoka kwenye orodha.

Picha: iliwekwa tarehe 3. Baada yake kuna wiki mbili, moja ya oda 19 na nyingine ya oda 22, na waliofungua hawakupungua. Picha imeondoka.

Bei: ilipanda Jumanne tarehe 10, na wiki hiyo ilimalizika na oda 22. Ukitaka kuwa mgumu utasema siku tano au sita ni chache, na ni kweli. Basi bei iache mlangoni kwanza, usiifukuze kabisa.

Zimebaki mbili za siku moja, jambo ambalo hatua ya 5 ilikataza. Hapa ndipo namba ya pili inapookoa. Jina hufanya kazi kabla mteja hajabonyeza. Kama jina jipya lingekuwa baya, waliofungua wangepungua, lakini ni 411 na 419, palepale. Jina linaweza kuharibu oda bila kupunguza wanaofungua pale tu linapoahidi kitu kisichokuwepo na kuvuta watu wasio wake. Jina hili limepanga upya maneno yaleyale.

Tazama sasa siku zenyewe. Jumatatu tarehe 16 oda 3. Jumanne 4. Jumatano 1, Alhamisi 2, Ijumaa 1, Jumamosi 1, Jumapili hakuna. Jina lilibadilika saa tano asubuhi Jumanne na siku hiyo bado zikaingia 4. Mwinamo unaanza Jumatano, asubuhi iliyofuata saa 20:40 ya uzito. Oda za siku moja moja ni chache mno kuwa ushahidi peke yake, lakini zinaelekeza kidole palepale ambapo namba za wiki zinaelekeza.

Mwenye duka anachukua simu ya pili, anaweka chupa kapuni, anaandika anwani ya Ntinda. Ada ya kupelekewa iliyokuwa 6,000 sasa ni 24,000. Mteja anaona chupa ya 49,500, anaipenda, anafika ukurasa wa mwisho, anakuta 73,500, anafunga simu. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mteja wa namna hii halalamiki, anakwenda kwa mwingine.

Jumatatu tarehe 30 Machi uzito unarudishwa kuwa 1.5, na hakuna kingine kinachoguswa. Jina jipya linabaki, bei mpya inabaki. Wiki hiyo: waliofungua 428, oda 18. Mkaidi atasema ni mishahara ya mwisho wa mwezi. Wiki inayofuata: waliofungua 415, oda 20. Hapo bei nayo imesafishwa, kwa sababu oda zimerudi huku 49,500 ikiwa palepale.

Fikiria kama mwenye duka angefuata moyo wake na kurudisha vyote vinne siku moja. Oda zingerudi vilevile. Ila angebaki akiamini kwamba 49,500 ni ghali, na angeuza kila chupa kwa hasara ya shilingi 1,500 mwaka mzima kwa sababu ya nukta.

Makosa yanayorudiwa sana

Kujaza daftari jioni kwa kukumbuka. Jioni unakumbuka ulichokiona kikubwa, jina na bei. Uzito hakuna anayeukumbuka.

Kuficha. Mdogo akijua kwamba kila kosa lililoandikwa litaleta makelele, hataandika. Katika mfano wetu mstari wa nne ndio uliookoa duka, na uliandikwa na aliyekosea. Msimamizi mwenye hasira ataishia na daftari safi lisilo na faida.

Kurekebisha mistari ya zamani. Ukikosea kuandika, ongeza mstari mpya wa kusahihisha. Daftari linalofutwafutwa haliaminiki siku unapolihitaji.

Kubadilisha kitu wakati wa kampeni ya punguzo, au siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Utapata namba nzuri au mbaya, na hutajua zimetoka wapi. Kama huna budi, kwa mfano bei ya mzigo imepanda, badilisha, lakini andika kwamba wiki hiyo haitumiki kwa kulinganisha.

Ukikwama

*Mauzo yameshuka na daftari halina mstari wowote wa wiki hizo.* Nenda kwenye picha za skrini za kila Jumatatu, kisha kwenye safu ya mzigo uliobaki. Mara nyingi rangi inayopendwa imeisha na nyingine zipo, hivyo ukurasa unaonekana mzima kumbe mteja anakosa anachotaka. Baada ya hapo tafuta bidhaa yako kwa maneno ambayo mteja angeandika, uone nani mpya amekaa juu yako na kwa bei gani.

*Nilikuwa sina daftari, mauzo yameshashuka, nianzie wapi?* Usirudishe chochote leo. Piga picha ya hali ilivyo, pita njia ya mnunuzi hadi jumla ya mwisho, kisha tafuta mabaki: barua pepe za jukwaa zinazosema mabadiliko yako yamepokelewa, picha ulizowatumia watu kwenye WhatsApp na tarehe zake, risiti za oda za zamani zenye bei na ada. Kutokana na hayo unaweza kujenga nusu ya daftari kwa nyuma. Mistari hiyo iwekee alama kwamba imekisiwa.

*Nimerudisha mshukiwa na oda hazijarudi baada ya siku 7.* Hakikisha kwanza kwamba kilichorudi kimefika kwa mteja. Kama kimefika, acha wiki moja zaidi, kwa sababu bidhaa iliyokosa oda kwa muda inaweza kuwa imeshushwa kwenye orodha ya utafutaji na hupanda taratibu. Dalili yake ni kiwango kurudi kwenye 5 kwa 100 huku waliofungua wakiwa bado wachache. Kama kiwango chenyewe hakijarudi, ulimshika asiyehusika. Nenda kwa mshukiwa anayefuata.

*Waliofungua na oda vyote vimeshuka, kwenye bidhaa zote, hata ile ya kulinganishia.* Funga daftari la bidhaa. Angalia kama akaunti ina onyo, kama matangazo uliyolipia yameisha salio, na kama mtandao au jukwaa lilikuwa na hitilafu siku hizo. Ukianza kubadilisha majina na picha sasa, utajiongezea washukiwa wapya juu ya tatizo ambalo halikutoka kwako.

*Bidhaa ni 60, siwezi kufuatilia zote.* Panga kwa mauzo, chukua 5 za juu, hizo ndizo za kuandikia hesabu kila siku. Zilizobaki ziandikie mabadiliko tu, bila hesabu za siku. Takwimu za nyuma utazichota kwenye dashibodi siku zikihitajika. Angalia tu dashibodi yako inahifadhi takwimu kwa muda gani, na kama ni muda mfupi, pakua faili mwishoni mwa kila mwezi.